Gawio linavyoshusha bei ya opsheni ya kununua na kupandisha ya kuuza: mwongozo kwa anayefanya biashara hii akiwa Kampala

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, Old Kampala, alinijia jioni na simu mkononi, uso umemkunjamana. Siku iliyotangulia alikuwa amenunua opsheni ya kuuza kwenye hisa ya kampuni moja ya Marekani, kwa sababu alijua kesho yake gawio linakatika na hisa itashuka. Hisa ilishuka kweli.

"Anko, imeanguka senti 60 kama nilivyosema. Mbona pesa yangu haijasogea?"

Haijasogea kwa sababu aliyemuuzia naye alikuwa na kalenda. Gawio la kawaida hutangazwa wiki kadhaa kabla, na tangu hapo kila anayeuza opsheni huliingiza kwenye bei yake. Kijana alilipia anguko lile kabla halijatokea. Lakini kuna aina moja ya opsheni ambayo siku hiyo hiyo humkata kweli mwenye kuishikilia akilala tu, na hiyo ndiyo nitakayoipa nafasi kubwa hapa.

Kwanza, tuelewane maneno

Soko la Hisa la Uganda halina opsheni. Wanaozifanya hapa kwetu huzifanya mtandaoni kupitia madalali wa nje, karibu zote zikiwa za hisa za Marekani, kwa hiyo sheria nitakazozitaja ni za kule.

Opsheni ya kununua, inayoandikwa `CALL` kwenye skrini, inakupa haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana hadi siku fulani. Opsheni ya kuuza, `PUT`, inakupa haki ya kuuza. Ile bei mliyokubaliana huandikwa `Strike`. Mkataba mmoja ni wa hisa 100, hivyo bei ukiiona 1.52 ujue unalipa dola 152.

Ukiwa na hisa za Stanbic Uganda au MTN Uganda, habari ya gawio unaijua tayari: kampuni hutangaza gawio, husema daftari la wanahisa litafungwa lini, na anayenunua akachelewa hakuti kitu, gawio linabaki kwa aliyemuuzia. Marekani ni vilevile. Siku ya kwanza ambayo hisa inauzwa bila haki ya gawio huandikwa `Ex-Date`, nami nitaiita siku ya kukatika gawio. Tangu tarehe 28 Mei 2024, biashara za hisa kule hukamilishwa siku moja ya kazi baada ya mauzo, ndiyo maana siku ya kukatika gawio na siku ya kuangalia daftari sasa kwa kawaida ni siku moja. Ukitaka gawio lazima uwe umenunua hisa siku ya kazi iliyotangulia, kabla soko halijafungwa.

Asubuhi ya siku hiyo hisa hufunguliwa chini kwa kiasi kinachokaribia gawio. Hakuna muujiza: jana ulikuwa unanunua hisa na bahasha ya pesa ndani yake, leo bahasha imetolewa. Siku nyingine soko zima likiwa limepanda huwezi hata kuiona tofauti hiyo kwa macho.

Mwenye opsheni hana bahasha hiyo. Yeye si mwanahisa. Gawio linapita mbele yake, na hisa anayoitegemea inashuka.

Hatua ya kwanza: tazama bei ikiwa na gawio na ikiwa bila

Tuchukue hisa ya mfano ya dola 60. Gawio lake ni senti 60 na linakatika kesho. Opsheni zina siku 45 hadi kuisha, bei ya makubaliano ni 60, riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na mtikisiko wa bei ya hisa ni asilimia 20 kwa mwaka, kiasi cha kawaida kwa kampuni kubwa iliyotulia.

Kama kampuni hii isingelipa gawio lolote, opsheni ya kununua ingeuzwa kama dola 1.83 na ya kuuza dola 1.53. Gawio likiingia kwenye hesabu, ya kununua inashuka hadi 1.52 na ya kuuza inapanda hadi 1.82.

Hesabu tofauti zake. Ya kununua imepoteza senti 31, ya kuuza imepata senti 29. Jumla ni senti 60, gawio kamili. Pesa ile haikupotea, imegawanywa pande mbili, na uzani wa mgawanyo huo unauona kwenye safu ya `Delta`. Hapa hisa iko sawasawa na bei ya makubaliano, uwezekano wa kupanda na kushuka unakaribia kulingana, basi kila upande umebeba nusu. Opsheni ya kununua yenye bei ya makubaliano iliyo juu sana ya hisa, ile inayouzwa senti chache, haiguswi sana na gawio. Haikuwa na kitu cha kupoteza.

Anayependa kanuni, hii ndiyo inayoshikilia yote:

```
C - P = S - D - K/(1 + r*t)
```

`C` ni bei ya opsheni ya kununua, `P` ya kuuza, `S` hisa, `D` gawio linalokatika kabla opsheni haijaisha, `K` bei ya makubaliano, `r` riba na `t` muda kwa mwaka. Gawio likikua, upande wa kulia unapungua, hivyo `C` lazima ishuke au `P` ipande, na kwa kawaida hutokea yote mawili. Kanuni hii ni kamili kwa opsheni zisizoruhusu kutumiwa kabla ya siku ya mwisho. Kwa zile zinazoruhusu, kama za hisa za Marekani, inakaribia tu, ila kwa bei za katikati kama hizi inatosha kabisa.

Sasa mrudie yule kijana. Alinunua kwa 1.82 hisa ikiwa 60. Kesho yake hisa iko 59.40, gawio limekwisha katika hesabu, na opsheni yake bado ni 1.82, ikipungua senti moja au mbili kwa sababu siku moja imepita. Ongeza tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia ambayo dalali hakwambii kwa sauti, utakuta ameingia hasara kidogo kwa utabiri uliotimia.

Hatua ya pili: jua kinachobadilisha bei kweli

Kinachosogeza opsheni kwa sababu ya gawio ni mshangao. Soko lilitegemea senti 60, bodi ikatangaza 75: hapo opsheni za kununua zinapungua na za kuuza zinaongezeka siku ya tangazo, hata kama hisa yenyewe haijayumba. Bodi ikifuta gawio, kinyume chake, ingawa mara nyingi habari hiyo huiangusha hisa kwa nguvu hadi athari ya gawio isionekane.

Tarehe nayo ina ujanja wake. Gawio linahesabiwa tu kama linakatika kabla opsheni haijaisha. Kampuni iliyozoea kukata gawio wiki moja kabla ya opsheni za mwezi kuisha ikisogeza mwaka huu hadi wiki moja baada ya kuisha kwake, gawio lote linatoka kwenye hesabu ya opsheni hizo. Kwa hiyo ninapolinganisha opsheni mbili za miezi tofauti, jambo la kwanza ni kuuliza: kati ya tarehe hizi kuna magawio mangapi? Kampuni nyingi za Marekani hulipa mara 4 kwa mwaka. Opsheni ya mwaka mzima, basi, imebeba magawio 4, na mengine bado hayajatangazwa, ni makadirio ya soko tu.

Angalia pia ni gawio gani. Hayo yote ni ya gawio la kawaida, la kila robo mwaka. Gawio maalumu la mara moja, likiwa kubwa vya kutosha, hushughulikiwa vingine: shirika linalosimamia mikataba ya opsheni Marekani, `OCC`, hupunguza bei ya makubaliano kwa kiasi cha gawio, mwenye opsheni asiumie wala asinufaike. Microsoft ilipolipa gawio maalumu la dola 3 kwa hisa mwaka 2004, bei za makubaliano zilishushwa kwa dola 3. Kwa gawio la kawaida hakuna huruma hiyo. Inachukuliwa kwamba ulijua.

Hatua ya tatu: usiku wa kuamkia siku ya kukatika gawio

Hapa ndipo pesa halisi hupotea, na wanaoipoteza ni wenye opsheni za kununua zilizozama ndani ya faida huku siku zikiwa zimebaki chache.

Hisa ni ile ile ya dola 60, gawio senti 60 linakatika kesho. Safari hii una opsheni ya kununua yenye bei ya makubaliano 55, imebakiza siku 10. Ukiitumia leo, unanunua kwa 55 kitu cha 60. Thamani yake ya papo hapo ni dola 5. Opsheni za hisa za Marekani unaweza kuzitumia siku yoyote, kwa hiyo hakuna atakayekubali iuzwe chini sana ya dola 5 leo. Maana yake gawio halijaingia katika bei yake kama lilivyoingia kwenye ile ya hatua ya kwanza. Linasubiri mlangoni.

Kesho hisa ni 59.40. Opsheni yako itakuwa na thamani ya dola 4.40 ya papo hapo, na juu yake vijisenti vya muda uliobaki. Ni vingapi? Tazama opsheni ya kuuza yenye bei hiyo hiyo ya 55 na tarehe hiyo hiyo. Tuseme inauzwa senti 5. Ongeza riba ya kukaa na dola zako 55 kwa siku 10: 55 mara 0.04 mara 10 gawanya 365, unapata senti 6. Jumla senti 11. Kesho opsheni yako itakuwa kama dola 4.51.

Kulala tu kumekugharimu senti 49 kwa hisa, dola 49 kwa mkataba, na hakuna aliyekuibia.

Kanuni ya kukumbuka ndiyo hiyo: linganisha gawio na bei ya opsheni ya kuuza ya bei ile ile, ukiongeza riba. Gawio likiwa dogo kuliko jumla hiyo, shikilia opsheni yako kwa amani. Likiwa kubwa kuliko jumla, kama senti 60 dhidi ya senti 11, usiiache ivuke usiku.

Vitabu vingi husimama hapa na kusema: itumie, chukua hisa, pokea gawio. Ushauri huo umeandikwa kwa Mmarekani. Mkazi wa Uganda akipokea gawio la kampuni ya Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 kulekule kabla hajaliona, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina mkataba wa kodi wa kupunguza kiwango hicho. Fomu ya `W-8BEN` unayojaza unapofungua akaunti haikupunguzii. Inathibitisha tu kwamba wewe ni mgeni. Fanya hesabu upya kwa mkataba mmoja.

Ukiacha kama ilivyo: kesho una opsheni ya dola 451.

Ukiitumia: unalipa dola 5,500, karibu shilingi milioni 20, unapata hisa 100. Kesho zina thamani ya dola 5,940. Gawio ni dola 60, zinazokufikia ni 42. Jumla dola 5,982, toa 5,500, umebaki na 482. Na ukiendelea kuzishikilia hisa hizo, hatari yote ya kushuka kwake sasa ni yako, wakati ukiwa na opsheni hasara yako ilikuwa na kikomo.

Ukiiuza opsheni yenyewe jioni hiyo: huenda usipate dola 5 kamili, maana wanunuzi wa dakika za mwisho wanajua una haraka. Tuseme wanakupa 4.93. Umepata dola 493, bila kutafuta milioni 20, bila kodi ya gawio.

Kwa mtu wa Kampala, basi, kuuza kunashinda mradi bei unayopewa iko juu ya 4.82. Chini ya hapo, kutumia kunaanza kuwa na maana, kama pesa unazo. Namba hiyo ya 4.82 ni rahisi kuipata kwa gawio lolote: chukua thamani ya papo hapo, toa asilimia 30 ya gawio. Hapa 5.00 toa 0.18. Kama bado unaamini hisa itapanda, uza opsheni hii na ununue nyingine baada ya gawio kukatika.

Saa nazo zina neno. Tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba soko la New York hufungwa saa tano usiku kwa saa zetu. Miezi mingine saa sita usiku. Wengi huacha kila kitu hadi baada ya chakula, wakaja kukuta umeme umekatika au dalali alishafunga kupokea maagizo ya kutumia opsheni. Madalali wengine hufunga maagizo hayo mapema kuliko soko. Muulize wa kwako kwa maandishi, na umuulize siku tulivu, si usiku wenyewe. Mimi huifanya kazi hii baada ya saa moja jioni, soko likiwa limeshachangamka.

Mwenye opsheni ya kuuza iliyo ndani ya faida afanye kinyume: asiitumie siku moja kabla ya gawio kukatika. Akisubiri hadi kesho yake, hisa anayoiuza kwa bei ya makubaliano itakuwa imeshuka kwa ajili yake.

Hatua ya nne: kama wewe ndiye uliyeuza

Senti 49 alizopoteza aliyelala zinaingia mfukoni mwa aliyemuuzia. Lakini wengi hawalali, na muuzaji ndiye huamka na habari.

Ukiwa na hisa 100 na umeuza opsheni ya kununua juu yake, mwenye opsheni akiitumia usiku ule, hisa zinaondoka kwako pamoja na gawio ulilolisubiri miezi mitatu. Hupati simu. Unaona asubuhi akaunti ina dola badala ya hisa. Hujaibiwa hapa pia, umelipwa 55 uliyokubali, ila kama hesabu yako ya faida ilihusisha gawio, ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Kibaya zaidi ni kuuza opsheni ya kununua bila hisa. Mimi mwenyewe niliingia mtego huu kwa kufuli niliyodhani salama: nimeuza opsheni ya kununua ya 55, nimenunua ya 60 kama kinga, hisa ikapanda hadi juu ya zote mbili. Hasara yangu kubwa iwezekanavyo niliijua, ni tofauti ya dola 5 toa nilichopokea, nikalala. Aliyenunua ile ya 55 akaitumia usiku wa kuamkia gawio. Asubuhi akaunti yangu ilionyesha hisa −100, yaani nimeuza hisa nisizokuwa nazo, na anayedaiwa hisa siku hiyo anadaiwa na gawio pia, lote, dola 60, hakuna cha asilimia 70. Kinga yangu ya 60 ilikuwa bado mkononi, nzima, haijatumiwa, na yenyewe ilikuwa imeshuka bei kwa sababu ile ile. Hasara "kubwa iwezekanavyo" ikawa na mkia wa dola 60 ambao hakuna mchoro ulionionyesha.

Dalili ilikuwapo kwenye skrini mchana kutwa: opsheni ya kuuza ya 55 ilikuwa inauzwa senti 3. Gawio senti 60, kizuizi senti 3 na riba kidogo. Hakuna mtu makini ambaye angeiacha. Siku hizi, siku moja kabla ya gawio kukatika, nafungua kila opsheni ya kununua niliyoiuza, natazama mwenzake wa kuuza wa bei ile ile, na ikiwa ni nafuu kuliko gawio nainunua ile niliyoiuza na kufunga hesabu jioni hiyo hiyo, hata kama inanigharimu senti mbili tatu juu ya thamani yake.

Opsheni za fahirisi, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, kama `SPX`, hazina tabu hii ya usiku, kwa kuwa haziwezi kutumiwa kabla ya siku ya mwisho. Magawio ya kampuni zote zilizomo huwa yameshaingia kwenye bei yake, kidogo kidogo, kama yalivyokuwa yameingia kwenye ile dola 1.82 ya kijana. Nilimwandikia hesabu yake nyuma ya risiti ya duka. Aliitazama kwa muda, akauliza kama angeuza badala ya kununua angepata faida. Nikamwambia angepata zile senti mbili za siku moja iliyopita, na hasara isiyojulikana hisa ikianguka kweli.